Taja Lugha kwa Jina Lake: Namna ya Kuomba Mkalimani Hospitalini na Ofisini Kibondo na Kasulu

Katika wilaya za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, si jambo geni kwa watu watano waliopanga foleni mbele ya dirisha moja la mapokezi kuwa na lugha tano tofauti za nyumbani. Mmoja ni mkulima wa Muhambwe anayezungumza Kiha. Wa pili ni mama kutoka kambi ya wakimbizi ya Nduta anayezungumza Kirundi. Wa tatu na wa nne wametoka kambi ya Nyarugusu, mmoja akizungumza Kibembe na mwingine Kifuliru. Wa tano ni kijana kiziwi anayetumia lugha ya alama. Wote wanaweza kumsalimia mhudumu kwa Kiswahili, na mhudumu akaamini kuwa hakuna haja ya mkalimani.

Tatizo hujitokeza baada ya salamu. Kiswahili kinachomtosha mtu kununua chumvi sokoni hakimtoshi kueleza maumivu yalianzia wapi, alitumia dawa gani, au kwa nini aliondoka kijijini kwake. Hapo ndipo mkalimani anapohitajika, na manufaa yake hutegemea jambo dogo linalofanyika mwanzoni kabisa, nalo ni mhitaji kutaja jina la lugha anayoihitaji. Anayesema tu kwamba haelewi, au kwamba yeye ni Mkongo, Mrundi au mwenyeji wa Kigoma, huwa hajataja lugha. Anamwachia mhudumu kazi ya kukisia, na makisio hayo ndiyo chanzo cha makosa yanayoelezwa katika makala haya.

Uraia hautaji lugha

Kambi ya Nyarugusu, iliyopo wilayani Kasulu, ilianzishwa mwaka 1996 kupokea watu waliokimbia vita mashariki mwa nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wengi wao walitoka Kivu ya Kusini, hususan eneo la Fizi. Kuanzia mwaka 2015 kambi hiyo ilipokea pia wakimbizi kutoka Burundi, na mwaka huohuo kambi ya Nduta wilayani Kibondo ikafunguliwa upya kwa ajili yao. Kwa sababu hiyo, vituo vya huduma vya wilaya hizi vimezoea kuwagawa wageni katika makundi mawili, Wakongo na Warundi. Mgawanyo huo unafaa kwa takwimu, lakini hausaidii kumpata mkalimani.

Kwa upande wa Kongo, Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Chiluba, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Kutokana na hali hiyo, mhudumu hudhani kwamba kila Mkongo anajua Kiswahili, na kwamba aliyesoma kidogo anajua Kifaransa. Ukweli ni kwamba mzee aliyeishi maisha yake yote katika vijiji vya Fizi huenda aliendesha mambo yake yote kwa Kibembe. Mwenzake wa Uvira huenda anatumia Kifuliru. Wapo pia wanaozungumza Kinyamulenge, ambacho kiko karibu zaidi na Kinyarwanda na Kirundi kuliko Kibembe.

Kwa upande wa Burundi jambo ni rahisi kidogo, kwa kuwa Kirundi ndiyo lugha ya takriban watu wote. Dhana potofu hapa ni kwamba Mrundi anaweza kuhudumiwa kwa Kifaransa kwa sababu ni lugha rasmi nchini kwake. Kifaransa hupatikana shuleni, na asiyekaa shuleni kwa miaka mingi hana Kifaransa cha kumtosha mbele ya daktari.

Undugu wa Kiha na Kirundi

Wataalamu wa lugha za Kibantu huziweka Kiha, Kirundi, Kinyarwanda, Kihangaza na Kishubi katika kundi moja. Mha wa Kibondo na Mrundi wa Nduta wanaweza kukaa kivulini wakazungumza kwa muda mrefu kila mmoja kwa lugha yake, na wakaelewana. Ndiyo maana katika hospitali nyingi za ukanda huu mkalimani wa kwanza kuitwa ni muuguzi mwenyeji anayezungumza Kiha. Utaratibu huo umewasaidia wagonjwa wengi, na pasipokuwa na mtu mwingine haupaswi kudharauliwa.

Hata hivyo, kuelewana katika mazungumzo ya kawaida ni jambo moja, na kufasiri maelezo ambayo uamuzi utategemea ni jambo lingine. Mfano mmoja ni neno la Kirundi “ejo”. Neno hilo hutumika kwa maana ya jana na pia kwa maana ya kesho. Anayelisikia hutambua maana yake kutokana na kitenzi, kwa kuwa umbo la kitenzi ndilo linalobeba wakati uliopita au ujao. Mtu aliyejifunza Kirundi kwa kuokota maneno sokoni, akashika kwamba “ejo” ni kesho kwa sababu alizoea kuambiwa arudi kesho, anaweza kuchanganyikiwa pale mama mjamzito anapoeleza kwamba damu ilianza kumtoka “ejo”. Mzungumzaji wa Kirundi hawezi kukosea hapo. Anajua kuwa ni jana, na kwamba saa nyingi zimekwisha kupita tangu dalili ya hatari ionekane.

Mfano wa pili unahusu ofisi. Kwa Kirundi, ndugu wa kiume wa baba huitwa “data wacu”. Neno kwa neno, maana yake ni “baba yetu”, lakini anayekusudiwa ni baba mdogo au baba mkubwa. Mkimbizi anayehojiwa anapoeleza kwamba baba yake alifariki, kisha akaeleza kwamba aliondoka nyumbani pamoja na “data wacu”, mkalimani asiye makini anaweza kusema aliondoka na baba yao. Katika jalada itasomeka kwamba mtu huyohuyo amesema baba yake amefariki na pia amesafiri naye. Afisa atakayesoma maelezo hayo baadaye, bila kumwona mhusika, ataona maelezo yanayopingana na anaweza kutilia shaka mambo mengine yote aliyoyasema, ingawa mhusika hakusema uongo hata mara moja.

Kwa hiyo, anayezungumza Kirundi anashauriwa kuomba mkalimani wa Kirundi, na anayezungumza Kiha aombe wa Kiha. Endapo aliyepo ni wa lugha jirani tu, mhitaji amkubali kwa kusema wazi kwamba lugha yake ni Kirundi na anayemfasiria anazungumza Kiha. Kauli hiyo humfanya mkalimani na afisa wawe waangalifu zaidi katika tarehe, idadi na majina ya undugu, ambako lugha hizi huteleza.

Kiswahili kimoja chenye saa mbili tofauti

Makosa yaliyo magumu zaidi kugundua ni yale yanayotokea pale pande zote mbili zinapodhani zinazungumza lugha moja. Kiswahili kinachozungumzwa mashariki mwa Kongo kinaeleweka kwa Mtanzania kwa sehemu kubwa, lakini kina maneno na mazoea yake. Mawili kati ya hayo yanagusa matibabu moja kwa moja.

La kwanza ni neno “munganga”. Katika Kiswahili cha Kongo, munganga ni daktari au tabibu wa hospitali. Kwa Mtanzania, ingawa cheo cha Mganga Mkuu kinatumika serikalini, mtu anayesema kwamba alikwenda kwa mganga mara nyingi hueleweka kuwa alikwenda kwa mganga wa kienyeji. La pili ni namna ya kuhesabu saa. Nchini Tanzania saa moja ya asubuhi ni baada ya jua kuchomoza. Miongoni mwa wazungumzaji wa Kiswahili cha Kongo, wapo wanaohesabu saa kama zinavyohesabiwa kwa Kifaransa, kuanzia usiku wa manane. Kwa mtu wa aina hiyo, “saa nane” ni wakati ambao Mtanzania angeuita saa mbili asubuhi.

Mfano ufuatao haumhusu mtu fulani, bali umeundwa ili kuonesha jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kukutana katika mgonjwa mmoja. Mama wa makamo aliyeingia nchini karibuni kutoka Fizi anapelekwa hospitalini kutoka Nyarugusu kwa tatizo la shinikizo la juu la damu. Lugha yake ya nyumbani ni Kibembe. Kwenye fomu yake, mahali pa lugha, mtu ameandika “Kiswahili”, kwa kuwa alimjibu kwa Kiswahili alipoulizwa jina lake.

Anaonwa saa nne asubuhi. Daktari anamuuliza kama amewahi kutumia dawa. Anajibu kwamba munganga alimpa dawa na kwamba huinywa kila siku saa nane. Daktari anaelewa kwamba mgonjwa ametumia dawa za kienyeji, ambazo huzinywa mchana. Katika jalada anaandika kuwa mgonjwa hajawahi kupata tiba ya hospitali, na anamwanzishia vidonge vya shinikizo la damu kama mgonjwa mpya. Mama anashukuru na kuondoka.

Hali halisi ni tofauti kabisa. Mama huyo alipewa vidonge na daktari huko alikotoka, na asubuhi hiyohiyo, saa mbili kwa hesabu ya Tanzania, alikwisha kumeza kidonge chake. Akirudi kambini ataendelea na vidonge vya zamani, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aviache, na ataongeza vipya. Shinikizo la damu linaweza kushuka kupita kiasi, akapata kizunguzungu anaposimama na hata kuanguka. Atakaporudishwa hospitalini, jalada halitakuwa na neno lolote la kumwongoza daktari kwenye chanzo cha tatizo.

Endapo mama huyo, au binti aliyemsindikiza, angesema mapokezini kwamba lugha yake ni Kibembe, na kwamba Kiswahili anachokijua ni cha Kongo na ni kidogo, mambo yangekwenda kwa namna nyingine. Mkalimani wa Kibembe anayewajua watu wa Fizi angetambua mara moja munganga ni nani. Kuhusu saa, angeuliza kama ni asubuhi, mchana au usiku. Hata pale ambapo mkalimani wa Kibembe hakupatikana, maneno “Kiswahili cha Kongo” yangemkumbusha daktari kuuliza swali moja zaidi, kwa mfano kama dawa hiyo ni vidonge, na kama ameleta pakiti yake. Mtu yeyote anayetumia dawa anashauriwa kwenda hospitalini na pakiti au vidonge vyenyewe, kwa kuwa jina lililochapishwa kwenye pakiti halihitaji kufasiriwa.

Mambo manne ya kusema mapokezini

Ombi la mkalimani lifanyike mapema iwezekanavyo, yaani katika dirisha la usajili kabla ya kuingia kwa daktari, au mbele ya karani kabla ya mahojiano kuanza. Kumtafuta mkalimani huchukua muda. Ombi likitolewa katikati ya huduma, kishawishi kwa pande zote ni kumalizia kwa Kiswahili kilichopo.

Jambo la kwanza la kusema ni jina la lugha ya kwanza, kama vile Kiha, Kirundi, Kibembe, Kifuliru au Kinyamulenge. Pale lugha inapokuwa na namna tofauti za kuzungumzwa, taja pia eneo ulikotoka. La pili ni lugha ya akiba, yaani lugha ambayo unaweza kuitumia endapo mkalimani wa lugha ya kwanza hayupo, pamoja na kiwango chako katika lugha hiyo. La tatu ni nani hasa anayemhitaji mkalimani, kwa kuwa mara nyingi anayezungumza dirishani ni msindikizaji anayejua Kiswahili vizuri, na mhudumu huandika lugha ya msindikizaji badala ya ile ya mgonjwa. La nne ni jambo lolote linalohusu mkalimani mwenyewe, kwa mfano mama anayetaka kufasiriwa na mwanamke kwa sababu ya aina ya ugonjwa wake.

Kwa maneno machache, ombi linaweza kuwa hivi: “Naomba mkalimani wa Kibembe. Ni kwa ajili ya mama yangu, si mimi. Akikosekana, mama anaelewa Kiswahili cha Kongo kidogo. Angependa mkalimani mwanamke.” Maneno hayo husemwa kwa muda usiofika nusu dakika, na yanampa mhudumu kila anachohitaji kuanza kutafuta.

Baada ya kusema, omba jina la lugha liandikwe kwenye kadi au jalada. Hatua hii ni muhimu zaidi kwa mgonjwa anayepewa rufaa. Katika hospitali za Kibondo na Kasulu uwezekano wa kumpata mtu anayejua Kiha au Kirundi ni mkubwa. Mgonjwa akipelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni iliyopo mjini Kigoma, na zaidi akipelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza, wazungumzaji wa lugha yake wanazidi kupungua. Jina la lugha likiwa kwenye fomu ya rufaa, hospitali inayompokea inaweza kuanza kutafuta kabla hajafika. Lisipoandikwa, mgonjwa huanza upya akiwa mbali na watu wake, pengine akiwa hawezi kuzungumza kabisa.

Hali ya dharura ina utaratibu wake. Mama anayevuja damu au mtoto anayepata degedege hasubiri mkalimani, bali matibabu huanza mara moja. Hata hivyo, lugha itajwe papo hapo ili hali ikitulia mkalimani awe amefika, na maelezo yaliyochukuliwa kwa haraka yarudiwe na kusahihishwa.

Nani asifasiri

Katika mazingira ya wilaya hizi, anayefasiri mara nyingi ni jamaa wa mgonjwa, na mara nyingine ni mtoto, kwa sababu watoto wanaosoma hujua Kiswahili kuliko wazazi wao. Mtoto anaweza kusaidia kuonesha njia ya maabara. Hapaswi kuwa yeye anayemweleza mama yake kwamba mimba imeharibika, wala kumuuliza baba yake kuhusu magonjwa ya zinaa. Zaidi ya aibu, mtoto huacha yale asiyoyaelewa bila mtu yeyote kujua.

Mwenzi wa ndoa naye si mkalimani wa kufaa pale maelezo yanapohusu ukatili wa nyumbani, kwa sababu zinazoeleweka. Vilevile, watu wawili wanaweza kuwa na lugha moja na wakatoka pande mbili za mgogoro uleule uliowafanya wakimbie. Mhojiwa aliye katika hali hiyo anaweza kuomba mkalimani mwingine wa lugha hiyohiyo bila kulazimika kueleza sababu zake mbele ya mkalimani aliyepo. Inatosha kuomba kuzungumza na afisa faragha.

Ofisini: lugha si uraia

Wakazi wa vijiji vya mpakani wana hofu moja ambayo inafaa kuelezwa bayana. Kwa kuwa Kiha na Kirundi vinafanana, wapo Waha, hasa wazee, wanaosita kuomba mkalimani katika ofisi za serikali wakihofia kwamba wakizungumza lugha yao watadhaniwa kuwa si raia. Matokeo yake ni mzee kujibu maswali ya usajili wa kitambulisho kwa Kiswahili asichokimudu, akakosea mwaka wa kuzaliwa au jina la kijiji cha wazazi wake, na makosa hayo ndiyo yanayoleta mashaka aliyoyaogopa.

Kwa mujibu wa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, uraia wa Tanzania hupatikana kwa kuzaliwa, kwa kurithi au kwa tajinisi. Lugha anayozungumza mtu si mojawapo ya njia hizo, na haimwondolei uraia aliyenao. Mzee anayeomba mkalimani wa Kiha anaomba huduma ya mawasiliano tu. Kwa upande wa karani, ni muhimu sehemu ya lugha ijazwe kwa jina ambalo mhusika mwenyewe amelitaja. Kumwandikia Mha kwamba anazungumza Kirundi kwa sababu lugha hizo zinafanana ni kuingiza katika jalada taarifa ambayo hakuitoa.

Kwa anayeomba hifadhi, mahojiano ndiyo msingi wa uamuzi utakaotolewa kwa mujibu wa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Mwongozo wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) uliotolewa mwaka 1979 unaelekeza kwamba mwombaji apatiwe msaada anaouhitaji, ukiwamo wa mkalimani mwenye uwezo. Mahojiano yanapoanza, mwombaji athibitishe kwa sauti lugha atakayotumia na aombe lugha hiyo iandikwe katika kumbukumbu. Kabla ya kutia saini au alama ya dole gumba, aombe maelezo yake asomewe kwa lugha hiyo. Hapo ndipo kosa la “data wacu” linapoweza kunaswa na kurekebishwa, wakati bado ni kosa la neno moja.

Mahakamani nako msingi ni uleule. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini, na ushahidi unaotolewa kwa lugha ambayo mshtakiwa haielewi hutakiwa kufasiriwa kwake katika lugha anayoielewa. Mahakama haiwezi kufahamu ni lugha ipi hiyo endapo mhusika hajaitaja.

Inafaa pia kutofautisha mkalimani na mfasiri. Mkalimani hufasiri maneno yanayosemwa, na mfasiri hushughulikia maandishi. Mwenye cheti cha kuzaliwa cha Burundi au kadi ya kliniki ya Kongo iliyoandikwa kwa Kifaransa anahitaji tafsiri ya maandishi kutoka Kifaransa, hata kama yeye mwenyewe anahitaji mkalimani wa Kirundi au Kibembe. Hayo ni maombi mawili, na kila moja litaje lugha yake.

Kiziwi naye ataje lugha ya alama anayoitumia. Mkalimani aliyefunzwa Lugha ya Alama ya Tanzania anaweza asielewane na mtu aliyejifunza alama zake Burundi au Kongo, au na yule anayetumia ishara za nyumbani pekee. Kwa huyo wa mwisho, ndugu aliyezizoea ishara hizo huhitajika kukaa pamoja na mkalimani. Anayejua kusoma aoneshe pia ni lugha ipi anayoisoma, kwa sababu kumwandikia Kiswahili mtu aliyesomea Kifaransa hakumsaidii.

Dalili kwamba ukalimani haufanyi kazi

Kutaja lugha sahihi hakuondoi kila kosa, kwa kuwa aliyeletwa anaweza kuwa ameijua lugha hiyo kwa kiasi kidogo. Zipo dalili ambazo hata asiyeelewa lugha mojawapo anaweza kuziona. Mgonjwa akizungumza kwa dakika nzima na mkalimani akasema “anasema anaumwa tumbo”, kuna maneno yamepotea. Mkalimani akijibu swali bila kwanza kumuuliza mgonjwa, anatoa majibu yake mwenyewe. Mgonjwa akiitikia kwa kichwa kila anapoulizwa, hata pale swali linapotaka idadi au siku, huenda haelewi anachoulizwa.

Njia ya kuhakiki ni kumwomba mgonjwa arudie alichoelewa kwa maneno yake, kupitia kwa mkalimani. Aeleze atameza vidonge vingapi, mara ngapi kwa siku, jua likiwa wapi, na atarudi siku gani. Akishindwa kueleza, kosa lichukuliwe kuwa la mawasiliano, na maelezo yatolewe upya au mkalimani abadilishwe. Mgonjwa naye ana nafasi ya kusema mapema kwamba hamwelewi aliyeletwa. Asubiri mkalimani atulie, amwelekee mhudumu, ataje tena jina la lugha yake, na aongeze kwamba Kirundi au Kibembe cha mtu huyu hakieleweki kwake.

Yapo mazingira ambamo mkalimani wa moja kwa moja hatapatikana. Katika hali hiyo watu wawili wanaweza kupokezana, mmoja akifasiri kutoka Kibembe kwenda Kiswahili cha Kongo, na mwingine akikipeleka kwa daktari katika Kiswahili cha Tanzania. Njia hiyo ni ndefu na kila kituo kinaweza kupoteza kitu, hivyo sentensi ziwe fupi na kila namba irudiwe. Katika jalada iandikwe kwamba maelezo yalipitia lugha mbili, zikiwa zimetajwa kwa majina, ili atakayemhudumia mgonjwa huyo siku nyingine ajue ni wapi pa kuanzia kuuliza upya.